Mbwa Hajui Kwamba Mmehama: Hotuba kwa Wafugaji wa Mbwa Jijini Mwanza

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, kina mama na kina baba, wazee shikamooni, na kwenu wengine habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kuhama na mbwa, na kwa kuwa wengi mliopo hapa ni walimu, watumishi wa halmashauri, wafanyabiashara na wapangaji, watu ambao barua ya uhamisho au kodi iliyopanda inaweza kuwaondoa katika nyumba mwezi wowote, nimeona nijikite kwenye jambo moja tu kati ya mengi. Katika kazi yangu ya udaktari wa mifugo, simu ninazopigiwa na watu waliohama hivi karibuni kwa kawaida hazihusu mbwa aliyeugua njiani. Huhusu mbwa aliyefika salama, akalala usiku mmoja au mitatu katika nyumba mpya, kisha akapotea. Kwa hiyo nitazungumza zaidi juu ya majuma mawili ya mwanzo, kwa sababu humo ndimo mbwa hutulia au hutoroka, na yote mawili hutegemea zaidi yale tunayoyafanya sisi kuliko tabia ya mbwa mwenyewe.

Tuanze na namna mbwa anavyoielewa nyumba. Kwa mwanadamu nyumba ni kuta, bati na anwani. Kwa mbwa ni mpangilio wa harufu, sauti na saa. Ua aliouzoea una alama za mkojo wake mwenyewe, ambazo huzirudia kila siku ili zisififie. Una njia anayopita kila asubuhi kukagua uzio. Una pembe anayolala kwa sababu upepo wa ziwa humletea hapo harufu ya kila anayepita barabarani. Anajua sauti ya pikipiki ya mwenye nyumba na anaitofautisha na bodaboda nyingine zote. Anajua kwamba sufuria ikigongwa jikoni wakati jua linazama, ugali wake unakuja. Siku mnapopakia vitu na kumpeleka upande mwingine wa jiji, vyote hivyo hukatika kwa saa chache, na hakuna namna ya kumweleza kwamba makao ya zamani yamekwisha. Kwa kadiri anavyofahamu yeye, makao yake bado yapo palepale, na familia yake imepotea njia.

Hapo ndipo mashaka yake huanza, nayo huonekana mwilini kabla hayajaonekana katika vitendo vikubwa. Mbwa hupiga miayo ilhali hana usingizi, hujilamba midomo ilhali hajala, huhema kwa ulimi nje ingawa amekaa kivulini, hubana mkia, na huzunguka uzio kwa mstari uleule hadi majani yanalala. Wengine hukataa chakula, wengine huharisha kidogo, wengine hujificha chini ya meza wakatoka usiku tu. Watu wengi huona mbwa anayezunguka uzio na kusema, “Anazoea mazingira.” Mimi nikimwona anarudia mstari uleule kwa kasi ileile, na kila akifika langoni anasimama na kunusa chini ya mlango wa bati, huwaambia wenyewe wafunge lango hilo kwa kufuli, kwa maana huyo anatafuta njia ya kutokea.

Je, anajua aende wapi? Mara nyingi zaidi ya tunavyodhani. Watafiti wa Jamhuri ya Cheki walichapisha mwaka 2020 utafiti wa mbwa 27 wa uwindaji waliofungwa vifaa vya setilaiti na kuachiwa msituni mara mamia. Wengi walirudi kwa wenye wao kwa kunusa nyayo zao wenyewe, lakini kundi lingine lilirudi kwa njia mpya kabisa, na wengi wa hao walianza kwa kukimbia kama mita 20 hivi kuelekea kaskazini au kusini kabla ya kushika mwelekeo sahihi. Watafiti hao walipendekeza kwamba huenda mbwa hutumia usumaku wa dunia kujipanga. Sisemi kwamba kila mbwa wa mtaani kwetu ana dira kichwani. Ninasema kwamba mbwa aliyehamishwa umbali wa kilomita kumi au kumi na tano asidhaniwe kuwa hawezi kushika njia ya kurudi kwa sababu tu alikuja ndani ya gari.

Ndiyo maana nasema jambo ambalo huwashangaza baadhi ya watu: kuhama ndani ya jiji hili mara nyingi kuna hatari kubwa zaidi kwa mbwa kuliko kuhamia mkoa wa mbali. Mbwa aliyepelekwa Dodoma akitoroka, kwa kawaida huzungukazunguka karibu na nyumba mpya, kwa sababu hakuna harufu anayoijua ya kumvuta. Mbwa aliyehamishwa kutoka Igoma kwenda Buhongwa ana kitu cha kukifuata. Na kati ya sehemu hizo mbili kuna magari ya barabara ya Shinyanga, magari ya barabara ya Musoma, mbwa wa mitaa mingine wasiopenda mgeni, na watu ambao wakimwona mbwa asiyejulikana anatembea peke yake, ulimi nje na mate yakidondoka, huokota mawe kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Siwalaumu kwa hofu hiyo.

Naomba nieleze kisa kimoja, kwa ruhusa ya wenyewe bila kuwataja. Familia moja iliishi Igoma kwa muda mrefu na mbwa dume wa kienyeji mwenye umri wa kati, aitwaye Popi, aliyekuwa mlinzi mzuri na rafiki wa watoto. Walijenga Buhongwa, wakahama siku ya Jumamosi. Vitu vilipakiwa kwenye Fuso tangu asubuhi, lango likiwa wazi, wabeba mizigo wakiingia na kutoka, naye Popi akiwa amefungwa mnyororo kwenye mwembe akibweka mpaka sauti ikamkauka. Alasiri walimpandisha nyuma ya Fuso juu ya magodoro. Walipofika, nyumba haikuwa na uzio kamili; upande mmoja ulikuwa na tofali, upande mwingine miti iliyopigiwa nyavu. Mama wa nyumba, kwa nia njema kabisa, alikuwa amefua blanketi kuukuu la Popi na kutupa gunia alilolalia, akasema nyumba mpya ianze na usafi. Usiku ule Popi alilia hadi alfajiri. Baba akatoka na fimbo. Jumapili hakula. Jumatatu watoto walikwenda shule, wazazi wakaenda kazini, naye akabaki na msaidizi wa nyumbani ambaye alikuwa mgeni kama yeye. Jioni hakuwepo.

Familia ilifanya yale ambayo wengi wetu tungefanya: walizunguka Buhongwa wakiita jina lake hadi usiku, wakaweka picha kwenye makundi ya simu ya mtaa. Hakuna aliyemwona. Siku ya tatu jirani wao wa zamani wa Igoma alipiga simu kwa jambo lingine kabisa, akasema kwa mshangao, “Mbona mbwa wenu analala mbele ya lango? Wapangaji wapya wanamfukuza, anarudi.” Popi alikuwa amekatiza upande wa Kishiri, bila shaka, maana ndiyo njia ya mkato. Alikuwa na jeraha mgongoni na kucha mbili zimelika. Alirudishwa Buhongwa, na safari hii tukaanza upya kwa utaratibu. Nitapita katika utaratibu huo hatua kwa hatua, nikianzia mahali ambapo familia ile ingeanzia kama ingepata nafasi ya pili ya kuhama.

Kazi huanza majuma mawili au matatu kabla ya gari la mizigo kufika. Kwanza chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai na cheti chake kiwe mkononi. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kwa kawaida hapa kwetu chanjo hurudiwa kila mwaka. Mwili huhitaji majuma kadhaa kujenga kinga baada ya chanjo ya kwanza, kwa hiyo kumchanja siku moja kabla ya safari hakumlindi dhidi ya mbwa atakaokutana nao kesho yake. Kama mnavuka kwenda wilaya au mkoa mwingine, mwoneni daktari wa mifugo wa halmashauri mapema kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama, badala ya kusubiri kuulizwa njiani. Hapohapo mwandikie namba ya simu kwenye mkanda wa shingoni. Si lazima iwe kibati cha kuchongwa. Kalamu ya wino usiofutika juu ya mkanda wa nailoni hutosha, mradi mnaikagua baada ya mvua. Andikeni namba mbili, moja ya nyumbani na moja ya jirani wa zamani, kwa sababu huko kwa jirani ndiko mbwa atakapokwenda.

Pili, mzoesheni kizimba au chumba kimoja kabla ya siku yenyewe. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kizimba cha nondo nyembamba, au fundi seremala wa mbao. La muhimu ni mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kujilaza ubavu. Wekeni ndani yake gunia analolalia. Mpeni chakula chake humo, mlango ukiwa wazi, kwa siku kadhaa. Kisha mlango ukiwa umefungwa wakati anakula tu. Kisha dakika kumi baada ya kula. Kisha saa moja. Akilia, mmekwenda haraka mno, rudini hatua moja. Kizimba kilichozoeleka namna hii huwa ndicho kipande pekee cha nyumba ya zamani kinachosafiri bila kubadilika. Kizimba kinacholetwa asubuhi ya safari na mbwa akasukumwa ndani kwa miguu ni adhabu tu.

Tatu, na hili ndilo linalopuuzwa zaidi, msifue chochote cha mbwa. Gunia, blanketi, bakuli la bati lililobonyea, hata mfupa alioutafuna, vyote viende kama vilivyo, na harufu yake yote. Najua linawakera wengi, na mama wa Buhongwa aliniambia waziwazi kwamba gunia lile lilikuwa linanuka. Ni kweli lilikuwa linanuka, na lilinuka nyumbani. Lifueni baada ya mwezi, kama bado mnataka.

Ikiwa nyumba mpya iko ndani ya jiji, mna nafasi ambayo wanaokwenda mbali hawana: mpelekeni mbwa huko mara chache kabla ya kuhama, kwa kamba, mtembee naye kuzunguka uzio, akojoe penye pembe, ale kidogo, mrudi. Kila safari kama hiyo huacha harufu yake pale, na siku ya kuhamia anaingia mahali ambapo tayari pana alama zake. Tumieni nafasi hiyohiyo kukagua uzio kwa macho ya mbwa. Hapa Mwanza viwanja vingi viko mlimani na uzio hupita juu ya mawe makubwa, nanyi mtakuta penye jiwe pana uwazi chini au ngazi ya asili upande wa ndani ambayo mbwa hupanda kama mbuzi. Kuna pimbi pia, ambao huishi katika mapengo ya mawe hayo, na mbwa akimfukuza pimbi hupita penye tundu ambalo mwenye nyumba hakujua kwamba lipo. Zibeni kwa mawe na saruji au kwa wavu imara uliofukiwa chini ya ardhi kina cha shubiri moja na nusu au zaidi.

Siku ya kuhama, mbwa asiwepo pale lango linapoachwa wazi. Huo ndio wakati hatari kuliko wote katika nyumba ya zamani, na si kwa kutoroka tu. Mbwa mlinzi anayeona wanaume asiowajua wakibeba kitanda cha bwana wake anaweza kumng'ata mtu bila ubaya wowote moyoni mwake. Mfungieni katika chumba ambacho kimekwisha kutolewa vitu, mwandike kwa chaki mlangoni kwamba mbwa yumo, au mpelekeni kwa ndugu anayemjua. Chakula kikubwa asipewe karibu na safari. Mlo mdogo muda wa saa nne hadi sita kabla ya kuondoka, na maji kama kawaida, hupunguza kutapika. Kama mnajua hutapika kila apandapo gari, semeni na daktari siku kadhaa kabla, kwa maana ipo dawa ya kichefuchefu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Msimpe dawa za usingizi za binadamu, na msimpe panado, ambayo inaweza kuharibu ini lake na damu yake. Ipo pia sindano ya kulegeza mwili ambayo baadhi yetu waganga wa mifugo tumezoea kuitumia mno: mbwa hulala chini, miguu haina nguvu, lakini hofu iko palepale kichwani, naye hushindwa tu kuionyesha. Mwulizeni daktari wenu juu ya sindano hiyo kabla hajafungua chupa.

Asafiri katika gari dogo pamoja na mtu anayemjua, si juu ya Fuso kati ya makabati. Kwa safari ndefu simameni kila baada ya saa mbili hivi, mmtoe akiwa na kamba mkononi mwa mtu mzima, anywe, akojoe. Msimwache ndani ya gari lililofungwa hata mnapoingia hotelini kula. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hutegemea kuhema, na kuhema hakusaidii panapokuwa na hewa ya moto. Gari lililosimama juani siku ya kawaida ya Shinyanga au Singida hupita nyuzi 40 ndani ya nusu saa. Akihema kwa nguvu mno, ufizi ukawa mwekundu sana, akayumba, mpelekeni kivulini, mmlowanishe kwa maji ya kawaida mwili mzima, mmpepee, kisha mtafute daktari hata kama anaonekana amepata nafuu. Zamani, kwa wanaotoka Sengerema au Geita, joto la kusubiri kivuko pale Busisi lilikuwa sehemu mbaya ya safari; tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, ghuba huvukwa kwa dakika chache.

Mkifika, msimfungulie akimbie ua mzima, hata kama ua ni mzuri. Mbwa mwenye mashaka huhitaji mahali padogo kwanza. Ingizeni kizimba na gunia katika chumba kimoja au kwenye kibaraza kilichozungushiwa, mkae naye mpaka apumue kawaida, ndipo mmzungushe uani kwa kamba, taratibu, mkimwacha anuse kila anachotaka na akojoe kila anapotaka. Rudieni mzunguko huo mara tatu au nne kwa siku, kwa njia ileile. Saa ya chakula iwe ileile ya zamani na chakula kiwe kilekile. Kama alikula ugali na dagaa, huu si wakati wa kumwonjesha chakula cha mfukoni cha dukani, maana tumbo lenye mashaka na chakula kipya kwa pamoja huleta kuharisha ambako hamtajua kumetokana na kipi. Mtu anayemlisha awe yuleyule.

Usiku wa kwanza atalia. Naomba sana msitoke na fimbo. Mlio ule ni wa kuita kundi lake, na fimbo humfundisha kwamba mahali hapa wanaoitwa huja kumpiga. Kesho atakapoona mwanya, atakuwa na sababu moja zaidi ya kuupita. Mlazeni mahali anaposikia sauti za watu wa nyumbani, hata ikiwa ni nje ya mlango wa jikoni kwa juma moja, na ulinzi wa lango usubiri. Mbwa asiyejua mipaka yake halindi chochote. Waambieni majirani mapema kwamba kutakuwa na kelele kwa siku chache. Na ikiwa majirani zenu ni Waislamu wanaojihadhari na mate ya mbwa, au wana watoto wanaoogopa, kwenda kuwasalimu na kuwaeleza kwamba mbwa amechanjwa na hatatoka nje ya lango ni jambo la heshima, na pia ni ulinzi kwa mbwa mwenyewe, kwa maana jirani aliyesalimiwa akimwona mbwa nje atakupigia simu badala ya kuokota jiwe.

Turudi kwa Popi. Aliporejeshwa Buhongwa, jambo la kwanza lilikuwa kutibu jeraha, na la pili kuomba kitu kutoka Igoma. Wapangaji wapya walituruhusu kuchukua gunia lingine lililokuwa bado bandani na debe la udongo kutoka pale alipozoea kukojoa. Udongo ule tulimwaga penye pembe mbili za kiwanja kipya. Alizunguka kwa kamba asubuhi, mchana na jioni. Mchana alibaki kwenye kibaraza kilichofungwa kwa wavu, akiwa na mfupa wa kutafuna, na mtoto mkubwa aliomba ruhusa ya kurudi mapema kutoka shuleni kwa juma la kwanza. Siku mbili alikula nusu tu. Siku ya tatu alimaliza bakuli. Siku ya tano aliinua mguu na kukojoa juu ya udongo uliomwagwa, jambo ambalo watoto walilipigia makofi, na mimi nilifurahi kuliko wao kwa kuwa nilijua maana yake. Katikati ya juma la pili alibweka kwa mara ya kwanza kumbwekea mtu aliyepita nje. Mbwa anayebwekea mpita njia amekwisha kuamua kwamba kuna kitu hapa cha kulinda.

Hizo ndizo dalili za kuangalia kabla ya kumfungua bila kamba: anakula bakuli zima kwa siku kadhaa mfululizo, analala chali au ubavu mchana badala ya kujikunyata akiutazama mlango, anaweka alama zake, na akiitwa kwa jina anakuja hata kama lango liko wazi na nyinyi mmeshika kamba ndefu. Jaribuni na kamba ya mita kumi kwanza. Akikaza mwendo kuelekea langoni na hageuki mkimwita, ongezeni juma. Popi alichukua kama majuma matatu. Wapo wanaochukua juma moja, na wapo wazee wenye macho mabovu wanaochukua miezi miwili. Siwezi kuwapa tarehe, lakini dalili hizo nne zikikamilika nitamfungua bila wasiwasi.

Kuna mpaka ambao lazima niutaje, kwa sababu neno “mashaka ya kuhama” limewahi kuficha ugonjwa. Kukosa hamu ya chakula kwa siku moja, hata mbili, na choo laini, vinaweza kuwa vya mashaka kwa mbwa mzima anayekunywa maji. Vikipita siku mbili, au choo kikawa na damu, au akatapika mara kwa mara, au ufizi ukapauka, au joto lake akiwa ametulia likafika nyuzi 40, huyo ni mgonjwa, na kupe aliowabeba kutoka nyumba ya zamani au aliowakuta mpya ni miongoni mwa vitu vya kwanza nitakavyovitazama. Kwa mtoto wa mbwa msisubiri siku mbili. Mleteni siku hiyohiyo.

Na akimng'ata mtu katika siku hizo za mwanzo, jambo linalotokea hasa kwa watoto wa jirani wanaokuja kumtazama, msimuue mbwa na msimfukuze. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kuona kama mbwa ataugua. Mbwa afungiwe mahali salama kwa siku 10 chini ya macho ya daktari wa mifugo. Akiwa na kirusi cha kichaa kwenye mate siku aliyong'ata, ataonyesha ugonjwa au atakufa ndani ya siku hizo. Akizimaliza akiwa mzima, hakumwambukiza mtu yule, na hospitali itaamua juu ya sindano zilizobaki. Mbwa aliyeuawa na kutupwa anaondoka na jibu hilo. Sauti inayobadilika ghafla, taya kulegea, kushindwa kumeza maji, kushambulia kuni na mawe, hizo si dalili za kuhama kamwe, na msimguse.

Mwisho, kwa wale ambao mbwa wao atakuwa ametoroka licha ya yote: msianze kwa kuzunguka mtaa mpya hadi usiku kama ilivyofanya familia ya Popi. Mtu mmoja abaki langoni na gunia la mbwa likiwa limetandikwa nje, mwingine aende moja kwa moja nyumba ya zamani, na wa tatu afuate njia ya mkato kati ya hizo mbili akiuliza kwa machinga na waendesha bodaboda, ambao huona kila kinachopita. Mpigieni mwenyekiti wa mtaa wa zamani pamoja na wa mtaa mpya. Mkimwona kwa mbali msimkimbilie. Chuchumaeni, mgeuzieni ubavu wenu, mmwite kwa sauti ya saa ya chakula. Na wapangaji waliowarithi katika nyumba ile waachieni namba yenu siku mnapowakabidhi funguo, pamoja na ombi kwamba mbwa wenu akija kulala mbele ya lango, wampe maji, wafunge lango akiwa ndani, na wapige simu.

Sasa nipo tayari kwa maswali, nikianza na yule mzee aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kupe.